Msahafu wa kale: kagua karatasi kabla ya kuamini tarehe

Ukiuziwa msahafu wa mkono kutoka Siyu au Pate wenye tarehe ukurasa wa mwisho, inua ukurasa mmoja kuelekea mwanga wa dirisha. Karatasi ya Italia, iliyotumika sana pwani, huonyesha mistari myembamba iliyosongamana, na mara nyingi alama ya hilali tatu zinazopungua ukubwa. Ukisoma humo jina la mtengeneza karatasi, Andrea Galvani Pordenone, hiyo ni karatasi ya karne ya 19.

Basi tarehe kama 1150 Hijria (1737) haiwezi kuwa ya msahafu huo. Ama imeongezwa kupandisha bei, ama mnakili aliihamisha tu kutoka nakala aliyokuwa akiifuata, na huo si ulaghai. Tazama kwa lenzi pale tarehe inapopita kwenye tundu la mdudu: wino ukiwa umevujia ukingoni mwa tundu, uliandikwa baada ya karatasi kutobolewa. Usijaribu kwa kidole chenye mate, wino wa masizi hufutika. Jalada lisikubabaishe, vitabu hivi vilijalidiwa upya mara kwa mara.