Kutafsiri kiapo cha ridhaa ya mzazi kwa ajili ya mahakama ya England

Kama uko Tanga na hati za mtoto zinakwenda mahakama ya England, anza na kiapo cha ridhaa cha mzazi. Hukumu huandikwa na watu wa sheria, lakini kiapo hubeba maneno ya nyumbani, na hapo ndipo maombi hukwama.

Tuseme mama wa Ngamiani ameapa hivi: "Nimempa dada yangu mwanangu amlee." Sentensi hiyo inaweza kusomwa kuwa ni ulezi, ambapo yeye anabaki mzazi kisheria. Inaweza pia kusomwa kuwa ameridhia mtoto aasiliwe, yaani haki zake za uzazi zikatike. Mtafsiri hana mamlaka ya kumchagulia mama huyu. Rudini kwa wakili kabla ya kutafsiri, ili mama aape upya kwa maneno yasiyo na njia mbili: "Naridhia dada yangu awe mlezi wa mwanangu. Sijaridhia aasiliwe." Aseme pia kwamba hakulazimishwa wala hakulipwa.

Kama mama anazungumza Kiswahili tu, kiapo kiandikwe kwa Kiswahili. Kiapo cha Kiingereza chenye dole gumba la mtu asiyejua Kiingereza huzua swali moja zito: alielewa alichokubali? Peleka asili ya Kiswahili pamoja na tafsiri yake.

Kisha njoo kwenye maslahi ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inayafanya kuwa jambo la msingi la kuzingatiwa. Sheria ya England ya kuasili, ya 2002, inaufanya ustawi wa mtoto kuwa jambo kuu kupita yote. Watafsiri wengi hupandisha maneno ya hukumu yetu ili yafanane na ya kule. Msifanye hivyo. Andikeni kile hakimu wa hapa alichosema, na mzitafsiri sababu zake zote bila kufupisha: nani amemlea mtoto, anasoma wapi, mwenyewe ametaka nini. Wakili wa kule ataeleza tofauti ya sheria.

Tarehe zina uzito wake. Ridhaa ya mama ya kuasili mtoto haina nguvu England kama mtoto alikuwa hajatimiza wiki 6, kwa hiyo linganisha siku ya kuzaliwa na siku ya kiapo. "Saa tatu asubuhi" iwe saa 9:00. Jina lililoandikwa Mwanahawa kwenye cheti na Mwanahawwa kwenye kiapo libaki lilivyo pande zote mbili. Tofauti hiyo ielezwe kwa kiapo kingine, mtafsiri asiirekebishe kimyakimya. Mihuri na maandishi ya mkono yatafsiriwe pia, na pasiposomeka paandikwe kuwa hapasomeki.

Mwisho wa tafsiri, mtafsiri aweke jina, sifa zake, tamko kwamba ni tafsiri kamili na sahihi, tarehe na saini. Kabla ya kulipia uthibitisho wa BAKITA au wa Wizara ya Mambo ya Nje, muulize wakili wa kule mahakama inataka upi.