Wasifu wa kazi ya uwakala wa forodha: jinsi ya kuonyesha kwamba faili umelishika kweli

Mdogo wangu mmoja aliyepitia ofisi ya wakala wa forodha pale Dar aliniletea wasifu wake nimwangalizie. Sehemu ya uzoefu ilisema hivi: "Nilishughulikia nyaraka za mizigo na kufuatilia bandarini." Maneno hayo hata mlinzi wa geti anaweza kuyaandika. Tangazo alilolenga lilitaka mtu wa matamko kwenye mfumo wa forodha wa TANCIS, uainishaji wa bidhaa na mizigo ya transiti. Hivi ndivyo tulivyourekebisha. Matangazo mengi huwa ya Kiingereza, na wasifu pia. Mifano yangu ni ya Kiswahili, wewe utaigeuza.

Hatua ya 1: Chapa tangazo, upigie mstari

Chapa kwenye karatasi, usisomee kwenye simu. Maneno kama "mchapakazi" na "anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo" yaruke, yapo kwenye kila tangazo. Pigia mstari yale ambayo mtu wa benki asingeyaelewa. Kwake yalibaki manne: TANCIS, TANSAD ambayo ndiyo tamko lenyewe la forodha, namba ya HS ya kuainisha bidhaa, na dhamana ya transiti.

Hatua ya 2: Angalia ni mfumo wa nchi gani

TANCIS ni ya TRA. Kenya wanatumia iCMS, Uganda na Rwanda ASYCUDA World. Kama umefanyia kazi Kampala, andika ASYCUDA bila aibu. Usibadilishe jina la mfumo ili lifanane na tangazo.

Hatua ya 3: Kila neno lipe kitendo, na ujue linakaa na nani

Hapa ndipo tulipokesha. Watu wengi wanachukua yale maneno manne wanayapanga kwenye kisanduku cha "Ujuzi", basi. Mimi kisanduku hicho nakifuta kabisa. Anayesoma ni meneja aliyeanza kwa kukimbiza nyaraka, na anachotafuta ni neno likiwa limekaa mahali pake kazini.

Chukua transiti. Mtu anaandika "nililipia ushuru wa mizigo ya transiti ya Kongo." Ameshajimaliza. Mzigo unaopita Tunduma kwenda Lubumbashi haulipiwi ushuru wa kuingia Tanzania. Unawekewa dhamana ya forodha, na kazi ya wakala ni kuhakikisha mzigo umetoka mpakani na dhamana imefutwa. Sentensi ya mtu wa kazi ni hii: "Nilifuatilia uthibitisho kwamba mizigo imetoka mpakani Tunduma ili dhamana zifutwe kwa wakati." Hakuna neno gumu pale, ila meneja anajua huyu ameshawahi kusumbuliwa na dhamana isiyofutwa.

Kukokotoa kodi ni vilevile. Ukiandika kwamba ulikokotoa thamani ya forodha, ujue kwa shehena ya baharini hesabu inasimama kwenye CIF. Ankara ikija FOB dola 20,000, unaongeza nauli ya meli, tuseme 2,500, na bima 300. Thamani inakuwa 22,800, na ushuru wa asilimia 25 ni dola 5,700. Anayepiga asilimia 25 kwenye 20,000 anapata 5,000 na tamko linarudishwa. Kama hiyo hesabu hujawahi kuifanya, neno hilo liache.

Uainishaji nao utajie bidhaa. "Niliainisha bidhaa kwa HS" ni maneno matupu. "Niliainisha vipuri vya magari na matairi" kuna kitu ndani yake, maana aliyegusa matairi anajua mapya yako 4011 na yaliyotumika 4012, na wakikuta mchanganyiko kwenye kontena kuna maswali.

Halafu suala la akaunti. Dogo hakuwa na akaunti yake ya TANCIS. Alikuwa anaandaa rasimu, mwenzake mwenye akaunti anaituma. Alitaka kuandika "niliwasilisha TANSAD." Nikamkatalia. Tuliandika: "Niliandaa rasimu za TANSAD kutokana na ankara, orodha ya vifurushi na bili ya shehena, na nikahudhuria ukaguzi wa mizigo iliyoangukia njia nyekundu." Ni kweli tupu, na inaonyesha mengi kuliko ule uongo.

Hatua ya 4: Fupisho likitokea mara ya kwanza, lieleze

Ila FOB na CIF usizieleze. Ukizieleza, unaonekana umezijua jana. Zinazohitaji maelezo ni za mfumo wa nchi nyingine: ukiomba Mombasa, TANSAD iite tamko la forodha la Tanzania.

Hatua ya 5: Mpe mtu wa kazi ausome

Mpe asiyekujua, mwambie akuulize swali moja kwa kila mstari. Dogo aliulizwa mzigo ukiangukia nyekundu anaanzia wapi, akajibu: kupanga siku ya ukaguzi na kuhakikisha kontena limesogezwa eneo la kukagulia. Mstari ukabaki. Aliulizwa pia kuhusu msamaha wa kodi wa mradi, akaanza kuzungukazunguka. Huo tukaufuta, japo tangazo lilikuwa limeutaja.