Kuchora njia ya renini na aldosteroni kwa kumbukumbu, na namna ya kukamata makosa

Ninafundisha fiziolojia wanafunzi wa uuguzi mjini Tabora, na somo ambalo huniletea maswali mengi zaidi ni namna figo zinavyopandisha shinikizo la damu kwa njia ya renini, angiotensini na aldosteroni. Wengi wameisoma mara nyingi kitabu kikiwa wazi, hata macho yameizoea, lakini ukiwapa karatasi tupu hukwama katikati. Hivi ndivyo ninavyowaelekeza.

Hatua ya kwanza: mifupa ya mchoro. Soma njia nzima mara moja, funga kitabu na ukiweke mbali. Chora visanduku vitupu na mishale kabla ya kuandika jina lolote, kwa sababu idadi ya visanduku na mahali njia inapogawanyika navyo ni vitu vya kukumbuka. Ndani ya kisanduku huandikwa kitu kinachobadilika au hali ya mwili. Juu ya mshale huandikwa kinachosababisha badiliko hilo. Chini ya mshale huandikwa kiungo linakotokea.

Hatua ya pili: kujaza. Tumia penseli, na pale unapokisia weka alama ya kuuliza, ili baadaye usihesabu bahati kuwa ni ujuzi.

Chukua mfano wa mgonjwa aliyeharisha sana. Mwanafunzi wangu mmoja alianza na kisanduku cha kushuka kwa shinikizo la damu, akafuatisha «renini», «angiotensini I», «angiotensini II», «aldosteroni», na mwisho «shinikizo hupanda». Mpangilio wa majina ulikuwa sahihi, naye aliamini amemaliza.

Hatua ya tatu: kukagua mshale mmoja mmoja. Fungua kitabu, shika kalamu nyekundu, na usitazame mchoro kwa jumla, kwa maana jicho huona majina yapo na kuridhika. Kwa kila mshale uliza: ni nini kinachogeuka, nani anakigeuza, na wapi? Mchoro wa mwanafunzi yule ulianguka papo hapo. Mshale wake ulisema kwamba renini hugeuka kuwa angiotensini I, ilhali renini ni kimeng'enya, yaani ni mkasi na si kitambaa kinachokatwa. Kinachokatwa ni angiotensinojeni, protini inayotengenezwa na ini na kuzunguka katika damu, ambayo haikuwamo kabisa kwenye karatasi yake. Renini, inayomwagwa na figo, ilipaswa kukaa juu ya mshale. Vivyo hivyo, angiotensini I hugeuzwa kuwa angiotensini II na kimeng'enya badilishi, ambacho kiko kwa wingi katika kuta za kapilari za mapafu.

Kutoka hapo njia hugawanyika: angiotensini II hubana mishipa ya damu, na pia huchochea gamba la tezi za adrenali kutoa aldosteroni, ambayo hufanya figo zibakize sodiamu, maji yakafuata, huku potasiamu ikitolewa kwenye mkojo. Yeye alikuwa na tawi moja tu.

Hatua ya nne: kuziba mshale. Ukaguzi wa kitabu huonyesha kilichoandikwa vibaya, lakini kuziba mshale huonyesha kama umeelewa uhusiano. Funga kitabu tena, weka msalaba juu ya mshale wa kimeng'enya badilishi, kama inavyofanya dawa ya kaptoprili, kisha tabiri kutokana na mchoro wako pekee. Angiotensini II na aldosteroni zitapungua, na potasiamu katika damu inaweza kupanda, ndiyo sababu hupimwa kwa wagonjwa wanaotumia dawa hiyo. Je, renini itakuwaje? Mwanafunzi wangu alijibu kwamba haitabadilika. Ukweli ni kwamba hupanda, kwa kuwa kwa kawaida angiotensini II na shinikizo lililopanda huzuia figo kumwaga renini, na kizuizi hicho kimelegea. Jibu lake lilifichua kosa ambalo kalamu nyekundu haikuligusa: mchoro wake haukuwa na mshale wa kurudi nyuma, wenye alama ya kutoa, kwenda kwenye figo.

Hatua ya tano: kuchora upya. Usirudie saa ileile, kwa sababu utakuwa unanakili sahihisho lililo bado machoni. Chora kesho yake, na tena baada ya siku tatu hivi, mchoro mzima na si sehemu iliyokosewa tu. Andika pembeni aina ya kila kosa: kisanduku kilichokosekana, mshale uliogeuzwa, au kimeng'enya kilichowekwa ndani ya kisanduku. Kosa la aina moja likijirudia mara tatu, rudi usome kipande hicho tu.

Mchoro wa namna hii hauonyeshi muda. Kubana kwa mishipa huja upesi, ilhali kazi ya aldosteroni kwenye figo huchukua saa kadhaa. Kwa hiyo ninawataka waandike «upesi» na «polepole» kando ya matawi hayo mawili, kwa wino wa rangi nyingine.