Kutoka kata ya Dodoma hadi LSOA: jinsi ya kupata takwimu za mtaa wako ukihamia Uingereza

Mtu anayetoka Nkuhungu au Nzuguni akahamia Leicester kusoma au kufanya kazi huenda na mazoea ya takwimu za kwetu: mkoa, halmashauri, kata, kisha mtaa. Uingereza nako kuna kata, kwa maana ya eneo la diwani, ndiyo maana wengi huanza kwa kuitafuta hiyo. Ni mwanzo mbaya. Mipaka ya kata za kule hufumuliwa mara kwa mara ili kila diwani awe na wapigakura wanaolingana na wa wenzake, na takwimu za miaka miwili tofauti zinaweza kuwa zinazungumzia maeneo mawili tofauti yenye jina moja.

Ofisi ya takwimu ya kule, ONS, ina ngazi zake zilizotengenezwa kwa ajili ya takwimu tu. Mbili ndizo utakazozihitaji. Ya kwanza ni LSOA, yenye watu kati ya 1,000 na 3,000 na kaya kati ya 400 na 1,200. Ya pili ni MSOA, yenye watu kati ya 5,000 na 15,000. Ili upate picha ya ukubwa, Jiji la Dodoma lilihesabiwa watu 765,179 mwaka 2022 na lina kata 41, yaani wastani wa watu zaidi ya 18,600 kwa kata. Kata yetu ya wastani ni kubwa kuliko hata MSOA. Kwa hiyo usishangae ukiona barabara moja ndefu imepita katika LSOA tatu zenye hali tofauti kabisa.

Hatua ya 1: Geuza postikodi iwe msimbo wa eneo

Postikodi ya Tanzania huishia kwenye kata: tarakimu tano, na zinazoanza na 41 ni za Mkoa wa Dodoma. Ya Uingereza ni ndogo mno, kwa wastani anwani 15 hivi, na hakuna jedwali la sensa utakalolisoma kwa postikodi moja. Ichukulie kama ufunguo wa kuingilia tu.

Fungua ukurasa huu wa Nomis, tovuti rasmi ya takwimu za ONS:

```
https://www.nomisweb.co.uk/sources/census_2021/report
```

Andika postikodi kamili ya unapoishi, si nusu yake ya kwanza. Nusu ya kwanza, mfano `LE2`, inabeba maelfu ya nyumba. Katika ngazi utakazopewa chagua LSOA ya mwaka 2021, kisha nakili msimbo wake daftarini. Wa LSOA ya England huanza na `E01`, wa MSOA na `E02`. Ukiona `E05`, umerudi kwenye kata ya diwani.

Jina nalo lina habari. `Leicester 018` ni muundo wa jina la MSOA. Likiongezwa herufi mwishoni, kama `Leicester 018C`, ni LSOA iliyomo ndani yake. Lakini katika kutafuta tumia msimbo, maana mpaka wa eneo ukibadilishwa msimbo hubadilika pia. LSOA za 2011 katika England zilikuwa 32,844, za 2021 ni 33,755. Faili la zamani lisipoonyesha msimbo wako, pengine eneo lako liligawanywa au liliunganishwa na jirani.

Hatua ya 2: Uliza nani alihesabiwa, na lini

Hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapopotosha zaidi. Sensa yetu ya 2022 ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Sensa ya England na Wales ya tarehe 21 Machi 2021 ilihesabu wakazi wa kawaida: aliyekaa au aliyekusudia kukaa nchini miezi 12 au zaidi, na alihesabiwa kwenye makazi yake ya kawaida hata kama usiku ule alikuwa safarini. Mwanafunzi aliandikwa pale anapoishi wakati wa muhula.

Tarehe yenyewe ina tatizo. Machi 2021 nchi ilikuwa chini ya masharti ya korona, na asilimia 31.2 ya wafanyakazi wa England na Wales walisema wanafanya kazi zaidi nyumbani. Jedwali la usafiri wa kwenda kazini, `TS061`, lisikuamulie kama mtaa wako una shida ya mabasi. Umri na aina za nyumba zinaaminika zaidi. Kwa idadi ya watu ya karibuni, tafuta makadirio ya katikati ya mwaka ambayo ONS huyatoa hadi ngazi ya LSOA.

Hatua ya 3: Gawanya kwa jumla iliyo sahihi

Tuseme unataka kujua sehemu gani ya mtaa wako ni wapangaji wa nyumba za watu binafsi. Jedwali ni `TS054`. Tuchukue tarakimu za mfano: LSOA ina watu 1,700 na kaya 640, na kaya 352 zimepanga kwa watu binafsi. `TS054` huhesabu kaya, kwa hiyo:

```
352 / 640 = 0.55
```

Asilimia 55. Ukigawanya kwa watu 1,700 utapata asilimia 21 na kudhani uko kwenye mtaa wa wenye nyumba. Juu ya kila jedwali pameandikwa kinachohesabiwa. Mstari huo usomwe kwanza. Wanaoishi kwenye mabweni ya chuo ni wakazi lakini hawamo katika kaya, hivyo karibu na chuo kikuu watu huwa wengi kuliko kaya zinavyoonyesha.

Utakuta pia jumla za majedwali mawili hazilingani kwa mtu mmoja au wawili. Si kosa lako. ONS hubadilisha kidogo tarakimu kwa makusudi ili mtu asitambulike. Matokeo yake, ukijumlisha vieneo kumi mabadiliko hayo nayo yanaweza kujumlishana. Chukua moja kwa moja takwimu ya eneo kubwa.

Hatua ya 4: Soma kipimo cha uduni wa maisha

Hiki ndicho wenye nyumba na majirani hukitaja wakisema mtaa ni "mbaya". Kinaitwa IMD, toleo la 2025 liko `gov.uk`, na `File 1` lina nafasi ya kila LSOA ya England. Nafasi ya 1 ndiyo duni kuliko zote. LSOA zote hugawanywa pia katika mafungu kumi sawa, na fungu la 1 ndilo duni kabisa, kinyume na darasani kwetu ambako wa kwanza hupigiwa makofi. LSOA iliyoshika nafasi ya 9,000:

```
9000 / 33755 = 0.267
```

Iko katika asilimia 30 zilizo duni zaidi, yaani fungu la 3. Kipato na ajira hubeba asilimia 22.5 kila kimoja, uhalifu 9.3 tu. Mtaa unaweza kuwa fungu la 3 kwa sababu ya mishahara midogo huku wizi ukiwa si mkubwa kuliko kwingine, kwa hiyo fungua faili la kila kipengele kabla ya kukataa chumba. Usilinganishe na Scotland: wana kipimo chao, na sensa yao ilikuwa 20 Machi 2022.

Ukitafuta Waswahili wenzako

Jedwali la lugha kwa undani, `TS024`, lina mstari wa Kiswahili. Litazame kwenye MSOA au mji mzima, kwani chini ya hapo tarakimu ni ndogo mno kuaminika. Sensa iliuliza lugha kuu moja tu, kwa wenye umri wa miaka 3 na zaidi. Mtanzania aliyejaza Kiingereza, hata kama nyumbani ni Kiswahili kutwa, hayumo kwenye mstari huo. Ichukulie idadi hiyo kuwa ya chini kuliko hali halisi.