Neva ya uso: kutafuta ilipoumia, kutoka kwenye paji hadi ndani ya sikio

Mama mmoja muuza chapati alinijia siku ya pili baada ya chai kumwagika kwenye pembe ya kulia ya mdomo wake. Jirani zake walikuwa wameshaamua kuwa ni kiharusi. Nitamtumia yeye kuonyesha ninavyopima.

Hatua ya 1: anza na paji. Nilimwambia, "Mama, inua nyusi kama umeshtuka." Mikunjo ilitokea kushoto tu. Misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo kiharusi cha kawaida huliacha paji likikunjika. Likilegea, kosa mara nyingi liko kwenye neva yenyewe. Ila kiharusi cha shina la ubongo kinaweza kulilegeza pia, basi uliza kama anaona vitu viwili-viwili, kisha pima nguvu za mikono na miguu.

Hatua ya 2: pitia matawi matano. Neva ikishatoka kwenye mfupa nyuma ya sikio, huingia katika tezi ya mate ya shavuni na kugawanyika humo. Mwambie akunje paji, afumbe macho kwa nguvu, ajaze hewa mashavuni, aonyeshe meno ya chini, kisha akaze ngozi ya shingo. Likilegea tawi moja tu, jeraha liko nje ya mfupa. Papasa tezi hiyo kwa makini, huenda kuna uvimbe. Kwa mama huyu yote matano yalikuwa yamelegea.

Hatua ya 3: ingia ndani ya mfupa, ukipanda kinyume na neva inavyoshuka. Tawi la kwanza utakalokutana nalo ni la ladha. Mwambie atoe ulimi, weka sukari kidogo ubavuni karibu na ncha, naye aonyeshe kwa kidole anachoonja kabla hajaurudisha. Kulia hakuonja kitu. Juu yake kuna tawi la kamsuli kanachotuliza kikuku, kile kifupa kidogo cha sikio. Alisema sahani zikigongana sikio la kulia linauma. Juu zaidi, kwenye kona kali ya neva, hutoka tawi la machozi. Karatasi ya kupimia, dakika 5 kila jicho, ililowa sawasawa.

Kwa ramani hiyo, jeraha liko kati ya kona na tawi la kikuku. Lakini usiiamini ramani kupita kiasi. Neva ikivimba, hubanwa zaidi juu ya kona hiyo, mahali ambapo mfereji haufiki milimita 1 kwa upana, na nyuzi zake haziumii zote kwa kiwango kimoja.

Hatua ya 4: chungulia sikio. Malengelenge hudai dawa ya virusi pia. Usaha unaotoka hudai rufaa ya haraka. Lake lilikuwa safi. Sukari na presha zilikuwa sawa, saa 72 zilikuwa hazijapita, nikampa prednisoloni miligramu 50 kwa siku, siku 10. Jicho lisilofumba hukauka na kuchubuka, kwa hiyo matone mchana, mafuta ya jicho na plasta usiku.

Wiki ya tatu alipoinua nyusi, mstari mmoja mwembamba ulijichora kulia.