Billion ya Kijerumani si bilioni yetu: jinsi ya kutafsiri namba kubwa bila kukosea mara elfu

Ziweke noti mbili mezani. Ya kwanza ilitolewa na Reichsbank, benki kuu ya Ujerumani, ikiwa na tarehe ya Februari 1924, na imeandikwa "Hundert Billionen Mark". Ya pili ilitolewa na Benki Kuu ya Zimbabwe mwaka 2009, nayo kwa Kiingereza inasomeka dola trilioni mia moja. Hesabu sifuri: kwa tarakimu, thamani ya kila noti ni 1 ikifuatwa na sifuri 14. Kiasi ni kilekile, ila jina la kwanza linasema "bilioni" na la pili linasema "trilioni". Mtafsiri anayefuata sikio badala ya sifuri ataigeuza noti ya Mjerumani kuwa "bilioni mia moja", na hapo sehemu 999 kati ya kila 1,000 za thamani yake zitakuwa zimepotea.

Nimetafsiri habari za uchumi kwa miaka mingi, na hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine ninapohariri kazi za wenzangu. Utaratibu ninaoufuata ni huu.

Hatua ya 1: Jua lugha ya chanzo inahesabu kwa ngazi ipi

Mwaka 1484 Mfaransa Nicolas Chuquet aliandika kitabu cha hesabu ambamo alizigawa tarakimu katika mafungu ya sita sita. Kwake, "byllion" ilikuwa milioni iliyozidishwa kwa milioni, na "tryllion" ni milioni iliyozidishwa kwa milioni, kisha kwa milioni tena. Ndiyo maana mwanzo wa majina hayo una maana ya mbili na tatu kwa Kilatini. Huu tuuite ngazi ndefu: kila jina jipya ni kubwa mara milioni kuliko lililotangulia.

Katika karne ya 17 baadhi ya wanahesabu Wafaransa walianza kugawa tarakimu tatu tatu, bila kubadili majina. Bilioni ikashuka kuwa milioni elfu moja, na trilioni ikawa bilioni elfu moja. Hii ndiyo ngazi fupi. Marekani iliichukua. Ufaransa yenyewe baadaye iliiacha, na mwaka 1961 ikaitambua rasmi ngazi ndefu.

Uingereza ilienda upande wa pili. Waingereza walikuwa wa ngazi ndefu mpaka Desemba 1974, Waziri Mkuu Harold Wilson alipolijibu Bunge kwamba katika takwimu za serikali yake billion ni milioni elfu moja. Kwa hiyo kitabu cha Kiingereza kilichochapwa London kabla ya hapo hakitafsiriwi kwa mazoea. Tazama mwaka wa kuchapwa kwanza.

Kiswahili kinafuata ngazi fupi:

```
10^6    milioni
10^9    bilioni   (milioni elfu moja)
10^12   trilioni  (bilioni elfu moja)
```

Kijerumani, Kifaransa, Kihispania na Kireno cha Ureno vinafuata ngazi ndefu. Kireno cha Brazili kinafuata fupi, kwa hiyo usiseme tu "chanzo ni Kireno", uliza ni cha wapi. Kirusi kinachanganya: kwa 10^9 kina neno lake linalosikika kama "miliadi", lakini trilioni yake ni sawa na yetu.

Hatua ya 2: Geuza alama kabla ya kugeuza maneno

Hatua hii wengi huiruka. Mjerumani anapoandika "4,2" anamaanisha nne nukta mbili, na anapoandika "4.200" anamaanisha elfu nne na mia mbili. Nukta na mkato vimebadilishana kazi. Ukikosea hapa utakosea mara elfu hata kama jina umelipata sawasawa, na makosa mawili yakikutana hakuna atakayejua namba ilikotoka.

Mimi huiandika namba nzima pembeni kwa sifuri zake zote, nikizitenga tatu tatu, kisha ndipo nalitafuta jina lake la Kiswahili.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya kuthibitisha

Tuchukue sentensi halisi ya historia. Mwishoni mwa Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilikuwa na thamani ya "4,2 Billionen Mark". Pembeni tunaandika:

```
4,2 Billionen = 4.2 x 10^12 = 4,200,000,000,000
```

Kwa Kiswahili ni maki trilioni 4.2. Je, tuna uhakika? Tafuta ndani ya matini au katika historia yenyewe kiasi kingine cha kulinganisha nacho. Mwezi uleule Ujerumani ilianza kutoa fedha mpya, Rentenmark, na Rentenmark moja ilibadilishwa kwa maki moja ikifuatwa na sifuri 12. Gawanya trilioni 4.2 kwa trilioni moja, unapata 4.2: dola moja kwa Rentenmark 4.2, ambayo kwa kweli ndiyo ilikuwa thamani ya dola kwa maki kabla ya vita vya 1914. Hesabu imefunga. Sasa jaribu na "bilioni 4.2": dola ingekuwa Rentenmark 0.0042, yaani dola isiyofika hata senti moja ya fedha mpya. Jibu la namna hiyo ndilo linalokuonyesha kwamba jina limetafsiriwa kwa sikio.

Matini yasipokuwa na kiasi cha kulinganisha, gawanya kwa idadi ya watu. Deni la nchi likigawanywa kwa wananchi wake likatoa kiasi cha kununulia kalamu, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 4: Liandike kwa Kiswahili kisichobabaisha

Jina hutangulia, hesabu hufuata: bilioni nane, si nane bilioni. Hesabu hiyo huwa ni ya "bilioni", si ya kinachohesabiwa, kwa hiyo tunasema watu bilioni mbili, kamwe si watu bilioni wawili. Lakini mabaki yanayohesabiwa moja kwa moja hurudi kwenye ngeli yake: watu milioni moja na wawili.

Mtego mkubwa wa Kiswahili ni "na". Ukiandika "bilioni mia moja na hamsini", msomaji mmoja atasoma bilioni 150, mwingine atasoma bilioni mia moja, kisha hamsini juu yake. Sarufi inaruhusu yote mawili. Kwa maandishi nashauri tarakimu baada ya jina: "bilioni 150". Kwa matini ya kusomwa redioni, ambako msomaji lazima atamke maneno, namba ikiwa na mabaki nalirudia jina la kila fungu: "bilioni mia moja, milioni hamsini". Sehemu za desimali tamka kwa nukta: "trilioni nne nukta mbili".

Ukikutana na Trillion ya Kijerumani, ambayo ni 1 na sifuri 18, usiibuni "kwintilioni" ambayo wasomaji wachache wataitambua. Andika "trilioni milioni moja", na mara ya kwanza inapotokea weka namba kamili kando yake. Vivyo hivyo unapotafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kijerumani au Kifaransa, bilioni yetu inakuwa Milliarde au milliard, na trilioni yetu ndiyo inayoshuka kuwa Billion au billion.