Kutoka sauti ya bibi hadi masimulizi ya maandishi

Umesharekodi, bibi amekuombea dua, na kazi ya fasihi simulizi inangojewa. Tuchukue mfano wa bibi wa Wete, Pemba, anayesimulia karafuu za utoto wake.

Kwanza sikiliza yote bila kalamu. Kisha andika neno kwa neno, ukitia dakika pembeni kila anapobadilisha habari. Tenga muda: saa moja ya sauti hula saa nne au zaidi za kuandika. Nakala hii ghafi haisahihishwi:

"Eee, karafuu... karafuu siye tukichuma. Mama yu juu, mie chini naokota. Mwaka wa Mapinduzi huo... la, si huo, wa kabla yake. Wa Mapinduzi ndio nlioanza kufunga. Mie sijaparamia bado, mdogo. Usiku twachambua, konyo huku, karafuu huku, na hadithi juu."

Sasa fungua nakala ya pili ya kusomwa. Ondoa "eee" na maneno aliyojikosoa mwenyewe, kisha sogeza sentensi iliyopotea njia:

"Karafuu siye tukichuma. Mama yu juu, mie chini naokota. Mie sijaparamia bado, mdogo. Mwaka wa kabla ya Mapinduzi huo. Wa Mapinduzi ndio nlioanza kufunga. Usiku twachambua, konyo huku, karafuu huku, na hadithi juu."

Tazama nilichokiacha. "Siye tukichuma" haikugeuzwa "sisi tulikuwa tukichuma", wala sikutia "kwa sababu" kabla ya "mdogo". Ukivisanifisha hivyo, anayesema ni mwalimu wako, si bibi. Neno gumu kama konyo, yaani kikonyo cha karafuu, lieleze chini ya ukurasa.

Tarehe usimtie mdomoni, zipime pembeni. Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari 1964, na Ramadhani ikaingia siku chache baadaye, kwa hiyo kumbukumbu yake ya kufunga inakaa sawa. Watoto wengi huanza kujaribu funga wakiwa na miaka saba hadi kumi, basi kadiria amezaliwa kati ya 1954 na 1957, na uandike wazi kuwa ni makadirio yako. Angesema mwaka ule Ramadhani iliangukia Julai, ungejua amechanganya miaka miwili, kwani mwezi huo hurudi nyuma kama siku kumi na moja tu kila mwaka. Hapo unamrudia na swali, humsahihishi kimyakimya.

Kwa mradi wa fasihi, mimi ningekaa zaidi kwenye yale maneno "na hadithi juu". Mrudie umuulize: "Bibi, akihadithia nani, nanyi mkiitikia vipi?" Jibu lake ndilo linaloonyesha hadithi ilivyotambwa, mbele ya nani na katika kazi gani.

Mwisho kamsomee kwa sauti. Akisema aliyekuwa juu ya mkarafuu ni shangazi, rekebisha nakala ya kusomwa, uweke maelezo ya mabadiliko na tarehe. Nakala ghafi usiiguse. Muulize pia jina lake liandikwe au lifichwe, na lipi lisitoke nje ya nyumba. Hilo lifute katika nakala utakayokabidhi.